Tangi la Pili: Kwa Nini Lori Lenye Dizeli Tele Hukosa Nguvu Mlimani

Mutakura ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Cibitoke na Kinama, na kama ilivyo katika mitaa yote ya upande huo, lori si mgeni pale. Yapo yaletayo saruji, yapo yaletayo mchele na chumvi, na mengi kati yake yalianza maisha yake katika barabara za Ulaya kabla ya kununuliwa yakiwa yametumika na kuletwa kwetu kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam. Ndugu msomaji akilitazama lori la namna hiyo ubavuni, aghalabu ataona matangi mawili. Moja ni kubwa, nalo ni la dizeli, ambayo madereva wa Bujumbura huiita mazutu. La pili ni dogo, na kifuniko chake ni cha rangi ya buluu, kimeandikwa AdBlue.

Juu ya tangi hilo la pili tumeona yafaa kuwaandikia wasomaji wetu walio katika majeshi ya ulinzi na katika polisi. Sababu yake ni moja. Tangi hilo likikauka, lori hupoteza nguvu zake hali tangi la dizeli limejaa, injini ni nzima na hakuna kilichovunjika. Askari asiyejua jambo hili atamlaumu fundi, au atamshuku dereva, au atatia ndani ya tangi kitu ambacho kitageuza upungufu wa lita chache kuwa hasara kubwa.

Kwanza hapana budi tueleze kazi ya tangi lenyewe. Hewa tunayoivuta, kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 78, ni naitrojeni, gesi tulivu isiyoungana na kitu kwa urahisi. Lakini ndani ya silinda ya injini ya dizeli moto hufikia joto kali mno, na katika joto hilo naitrojeni hulazimika kuungana na oksijeni. Huzaliwa gesi ziitwazo oksidi za naitrojeni. Gesi hizo huwasha koo na mapafu, na zikipigwa na jua hushiriki kuzaa ozoni karibu na ardhi, ambayo nayo hudhuru kifua. Anayezivuta zaidi ni yule akaaye karibu na bomba la moshi kwa saa nyingi: mwenye nyumba iliyo kando ya barabara, na askari wa usalama barabarani aliyesimama kwenye kizuizi.

Mhandisi wa injini yuko katika mtihani. Akipunguza joto la moto ili gesi hizo zipungue, injini hutoa masizi mengi na kula mafuta zaidi. Akiuacha moto uwake vizuri, masizi hupungua na mafuta huokolewa, lakini oksidi za naitrojeni huongezeka. Watengenezaji wengi wa malori ya Ulaya, walipobanwa na sheria kuanzia mwaka 2005, walichagua njia ya pili: kuuacha moto uwake vizuri, kisha kuusafisha moshi baada ya kutoka injini. Tangi la pili ndilo lenye dawa ya usafishaji huo.

Dawa yenyewe ni urea iliyoyeyushwa katika maji yaliyosafishwa hata yakaondolewa chumvi zote. Katika kila sehemu 100 kwa uzito, urea ni sehemu 32.5, na zilizobaki 67.5 ni maji. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa kubahatisha, kwani ndicho kinachochelewa zaidi kuganda kwa baridi, mpaka nyuzi 11 chini ya sifuri, na hata kikiganda urea na maji haviachani. Kwetu baridi hiyo hatuijui, lakini mashine imepangwa kwa kipimo hicho hicho, na ikipewa kingine huona makosa.

Safari ya dawa ni fupi. Pampu huivuta kutoka tangini na kuisukuma hadi kwenye nozeli iliyochomekwa katika bomba la moshi. Kompyuta ya injini hungoja moshi upate joto la kutosha, kwa kawaida karibu nyuzi 200, ndipo huamuru nozeli inyunyize matone madogo sana. Joto la moshi huyakausha maji na kuivunja urea, ikatoka amonia. Moshi na amonia huingia pamoja katika sailensa kubwa iliyo na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemikali pasipo chenyewe kuliwa. Hapo amonia hukutana na oksidi za naitrojeni, nazo hunyang'anyana oksijeni na haidrojeni. Kinachotoka nje ni naitrojeni ile ile tulivu ya hewani, na mvuke wa maji. Mwishoni mwa bomba hukaa kipimaji kinachonusa moshi na kuiarifu kompyuta kama kazi imefanyika.

Matumizi ya dawa si makubwa. Kwa malori ya kiwango cha Yuro 5, ambacho katika hati za gari huandikwa Euro V, huwa kama lita 5 kwa kila lita 100 za dizeli. Msomaji aishike hesabu hiyo, kwa kuwa tutaihitaji baadaye.

Sasa tuje kwenye tangi tupu. Wengi hudhani kwamba injini hudhoofika kwa sababu imekosa kitu inachokila. Sivyo. Dawa haiingii ndani ya silinda hata tone moja. Injini ingeweza kuendelea kwa nguvu zote bila dawa, ila moshi wake ungekuwa mchafu. Kinachoidhoofisha ni amri. Watunga sheria wa Ulaya walitambua kwamba dawa hununuliwa kwa fedha, na kwamba mwenye lori asiyebanwa ataacha kuinunua. Basi wakaamuru kila mtengenezaji aiweke adhabu ndani ya kompyuta ya gari. Sheria hiyo haina mamlaka katika Burundi, lakini lori linapouzwa na kuvuka bahari, adhabu husafiri ndani yake.

Kwa malori ya Yuro 5 adhabu ni hii. Kiasi cha dawa kikishuka chini ya asilimia 10 ya tangi, taa huwaka katika dashibodi. Tangi likikauka, kompyuta hungoja mpaka gari lisimame kwa mara ya kwanza. Haikati nguvu gari likiwa mbioni, maana kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Gari likisha kusimama, nguvu ya injini ya kuzungusha hupunguzwa: lori lenye uzito unaoruhusiwa wa zaidi ya tani 16 hubakiwa na asilimia 60 tu, na lile dogo zaidi hubakiwa na asilimia 75. Malori mapya zaidi, ya Yuro 6, yana adhabu kali kuliko hiyo. Dawa ikikaribia kwisha hupoteza robo ya nguvu, na tangi likikauka kabisa, baada ya kusimama na kuwashwa tena, gari hukataa kwenda zaidi ya kilomita 20 kwa saa.

Tulifuate lori moja la mfano. Tuseme ni la Yuro 5, pamoja na shehena lina uzito wa tani 40, injini yake ni ya kilowati 300, linakula lita 40 za dizeli kwa kilomita 100, na tangi lake la pili ni la lita 60. Linaondoka Dar es Salaam likiwa na lita 24 tu za dawa, kwa kuwa dereva hakuangalia. Lita 24 zinatosha kwa lita 480 za dizeli, nazo ni kilomita 1200. Zikibaki lita 6, yaani baada ya kilomita 900, taa ya onyo inawaka, na hapo lori halijafika hata Kahama. Dereva anaona injini inavuta kama kawaida, naye anaendelea. Baada ya Kahama, katika njia ya Nyakanazi, tangi linakauka. Bado injini inavuta kama kawaida, mradi lori halijasimama.

Kisha linafika mpakani, Kabanga na Kobero, na hapo hakuna lori lisilosimama. Hati zinakaguliwa na muhuri unapigwa. Lori linapoondoka, limekuwa jingine. Dereva atasema kwa dhati kwamba gari lake liliharibika mpakani, na huenda akamshuku mtu kuwa amelichezea. Askari anayemsikiliza ajue kwamba dereva hasemi uongo juu ya alichokiona, ila amekosea sababu. Chanzo cha udhaifu kiko nyuma, kabla ya Kahama, taa ilipowaka asiitii.

Kutoka Kobero hadi Bujumbura, kwa njia ya Muyinga, Ngozi na Kayanza, ni vilima juu ya vilima. Katika mpando wa mita 6 kwa kila mita 100, lori letu likiwa na nguvu zake zote lingepanda kwa kilomita kama 37 kwa saa. Likiwa na asilimia 60 linapanda kwa kilomita 22. Kwa lori moja la saruji, hiyo ni kuchelewa tu. Kwa msafara wa kijeshi, ambao mwendo wake ni mwendo wa gari lililo dhaifu kuliko yote, ni jambo jingine kabisa. Msafara utokao Bujumbura, mji ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari, hauna budi kupanda hadi Bugarama, palipo juu ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari. Lori moja lenye tangi tupu likiwa katikati, magari yote yaliyo nyuma yake hutambaa pamoja nalo, na nafasi kati yake na yaliyo mbele huzidi kupanuka katika kila kona.

Hapa msomaji askari atauliza: je, hata gari la jeshi huadhibiwa? Watunga sheria walilifikiri jambo hilo. Katika kanuni za Yuro 4 na 5 walisema kwamba adhabu ya kupunguziwa nguvu haiyahusu magari ya majeshi, ya uokoaji, ya zimamoto na ya wagonjwa. Katika kanuni za Yuro 6 msamaha uliyafikia pia magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi vya kulinda amani ya raia, ambao ndio polisi. Lakini msamaha huo hautoki katika rangi ya gari wala katika namba zake. Hutiwa na mtengenezaji mwenyewe ndani ya kompyuta. Lori la kiraia lililonunuliwa limetumika, likapakwa rangi ya kijani na kukabidhiwa kikosi, lingali na adhabu yake yote. Kwa hiyo mkuu wa magari wa kikosi hana budi kujua, kwa kila lori, kama lilitoka kiwandani likiwa la jeshi au la. Asidhani kwamba lote ni moja.

Kwamba jambo hili laweza kuyagusa majeshi ya nchi kubwa lilionekana Korea Kusini mwaka 2021. Nchi ile ilikuwa ikinunua karibu urea yake yote ya viwandani kutoka Uchina. Mwezi Oktoba mwaka huo Uchina ilianza kuikagua na kuizuia urea isitoke nje, na katika majuma machache madumu ya dawa yakatoweka madukani. Serikali ikaweka mgawo: lori lisipate zaidi ya lita 30 kwa mara moja, na gari dogo lita 10. Mwezi Novemba jeshi la anga lilituma Australia ndege yake ya kujazia ndege nyingine mafuta, nayo ikarudi na lita 27,000. Kwa mgawo wa lita 30, shehena hiyo yote ilitosha malori 900. Hivyo ndivyo ndege ya kijeshi ilivyovuka bahari kwa ajili ya kitu ambacho siku za kawaida hakitazamwi na mtu.

Upungufu unapokuja, huja pamoja na werevu wa hatari. Werevu wa kwanza ni kutia maji ya bomba. Taa ya kiasi cha dawa itazimika, na dereva atafurahi. Lakini kipimaji kilicho mwishoni mwa bomba la moshi kitatambua kwamba oksidi za naitrojeni hazipungui, na adhabu itarudi kwa mlango mwingine. Zaidi ya hayo, maji ya bomba yana chokaa na chumvi, na hizo hukaa katika nozeli na juu ya kichocheo. Wapo wafanyao mzaha kwamba mkojo nao una urea. Ni kweli unayo, yapata sehemu 2 katika 100, ila umejaa chumvi, nao huharibu kuliko maji.

Werevu wa pili ndio unaovutia zaidi katika nchi ya wakulima: kuchukua urea ya mbolea na kuikoroga katika maji. Urea ya shambani ni urea kweli, lakini haikutengenezwa kwa kazi hii. Aghalabu punje zake hutiwa dawa ya kuzuia zisishikamane, na ndani yake mna uchafu usioudhuru mhindi lakini unaoziba matundu ya nozeli na kukiua kichocheo polepole. Kipimo cha ubora kilichowekwa kwa dawa ya magari, ambacho huandikwa ISO 22241 juu ya dumu, hakiruhusu hata miligramu moja ya chokaa katika kilo. Mkorogo wa ndoo hauwezi kufikia usafi huo. Lori litatembea kwa siku kadhaa au hata majuma, kisha litadai sailensa mpya, ambayo bei yake yashinda madumu mengi sana ya dawa halisi.

Werevu wa tatu ni wa mafundi wa umeme. Ni kisanduku kidogo kinachounganishwa na nyaya za gari na kuiambia kompyuta kwamba dawa ipo na moshi ni safi, hali tangi ni kavu. Askari wa usalama barabarani hawezi kukigundua kwa kuutazama moshi, kwa maana gesi hizi, zikichanganyika na hewa, hazionekani kwa macho. Lakini zipo dalili. Ya kwanza ni lori lenye tangi la kifuniko cha buluu lililojaa vumbi mpaka shingoni, na taa ya onyo haiwaki. Ya pili ni mshale wa kiasi cha dawa usiosogea hata baada ya safari ndefu. Ya tatu ni ncha ya nozeli kavu, pasipo alama ya chumvi nyeupe. Dalili hizo si ushahidi wa kumhukumu mtu, ila zatosha kumwita fundi mwenye chombo cha kusomea kompyuta. Gari la Yuro 5 lililokaushwa likaadhibiwa hutunza kumbukumbu ya kosa hilo kwa siku 400 au zaidi, na chombo cha kawaida cha kusomea hakiwezi kuifuta.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, hutendeka kwa haraka na kwa nia njema: kuyakosea matangi mawili. Dizeli ikitiwa katika tangi la buluu, huvimbisha mipira ya pampu na kuuharibu mtambo wote wa dawa. Dawa ikitiwa katika tangi la dizeli, chumvi yake hupita katika pampu na nozeli za mafuta na kuzila. Kosa likigunduliwa kabla ya kuwasha, gari lisiwashwe kamwe, wala ufunguo usizungushwe hata kidogo, bali tangi likaushwe na kusafishwa kwanza. Gari likiwashwa, kazi ya saa chache hugeuka kazi ya majuma.

Kuhifadhi dawa katika bohari ya kikosi kuna kanuni chache. Madumu yawe ya plastiki na hayajawahi kutiwa dizeli wala mafuta ya kupikia. Shaba, shaba nyeupe na chuma cha kawaida visiiguse dawa, maana huliwa nayo na kuichafua. Joto pia ni adui. Dawa iliyohifadhiwa katika nyuzi 25 hudumu miezi 18, katika nyuzi 30 hudumu mwaka mmoja, na katika nyuzi 35 miezi 6 tu. Bohari ya bati huko Mutakura, wakati wa jua kali, yaweza kuipita nyuzi 30 kwa urahisi. Kwa hiyo madumu yakae kivulini, yaandikwe tarehe, na la zamani litumike kwanza.

Liko pia jambo dogo ambalo madereva wa jeshi wana mazoea ya kulikosea. Injini ikizimwa, katika malori mengi pampu huendelea kufanya kazi kwa dakika chache ili kuirudisha dawa tangini isikauke ndani ya mabomba. Dereva anayezima injini na papo hapo kukata umeme wa betri huiacha dawa ndani, nayo hugeuka chumvi ngumu na kuziba njia. Inatosha kungoja mpaka sauti ya pampu inyamaze, ndipo umeme ukatwe.

Turudi kwa lori letu la mfano. Limefika Mutakura, saruji imeshushwa, na mwenye mali anauliza kwa nini limechelewa. Tiba yake si kubadilisha injini. Ni kutia dawa halisi kwa kiasi anachokitaja mtengenezaji, kuliwasha lori likiwa limesimama, na kuiacha kompyuta itambue kwamba tangi si tupu tena. Ikiwa hakuna kingine kilichoharibika, nguvu hurudi palepale zilipopotea. Hesabu ya kulizuia jambo hilo ingechukua dakika mbili huko Dar es Salaam: kilomita 1500 na zaidi hadi Bujumbura ni lita 600 za dizeli na zaidi, na lita 600 za dizeli zataka lita 30 za dawa. Tangini mlikuwa na 24. Katika kitabu cha safari cha gari la kikosi, palipo na mstari wa kuandika kiasi cha dizeli wakati wa kuondoka, na uongezwe chini yake mstari mmoja wa tangi la pili.